Kutoka juani hadi gizani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jicho linavyokusanya mwanga na retina inavyougeuza kuwa ishara

Kazi yangu ni kupima macho hapa Dodoma. Maswali yaliyomo hapa nimeulizwa na wagonjwa, wazazi wanaoleta watoto, walimu wa baiolojia na madereva. Nimeyapanga kufuata njia ya mwanga wenyewe, kuanzia unapogusa jicho hadi unapoondoka ukiwa ishara ya umeme kwenye neva.

Nikitoka juani saa saba mchana na kuingia ndani ya tembe, mbona sioni kitu kwa dakika kadhaa?

Umetoka shambani, umeinama kupita mlangoni, na sauti zinakukaribisha kutoka gizani. Wewe huoni hata pa kukaa, lakini waliomo ndani wanakuona vizuri na wanakuonyesha kigoda kilipo. Chumba ni kimoja na mwanga ni ule ule, kwa hiyo tofauti imo ndani ya macho yenu.

Nje, jua la utosini hutoa mwanga wa laksi 100,000 hivi. Tembe ina kuta nene za udongo na matundu madogo badala ya madirisha, na ukisogea mbali na mlango mwanga unaweza kubaki laksi chache tu. Umeshuka makumi ya maelfu ya mara kwa hatua tatu.

Watu wengi hudhani kwamba mboni ikishatanuka kazi imekwisha. Mboni ya kijana hutanuka kutoka milimita 2 juani hadi karibu milimita 8 gizani, na eneo lake huongezeka mara 16. Hiyo inasaidia, lakini mara 16 haiwezi kufidia makumi ya maelfu. Sehemu kubwa iliyobaki hufanywa na retina, na retina hutumia kemia inayohitaji dakika, si sekunde. Ili kuielewa kemia hiyo inabidi kwanza tuufikishe mwanga kwenye retina, kisha nitarudi kwenye tembe.

Ni nini hasa kinachoupinda mwanga ndani ya jicho? Si lenzi?

Lenzi husaidia, lakini mfanyakazi mkuu ni konea, kile kioo angavu cha mbele unachoweza kukiona ukimtazama mtu jicho kwa upande. Nguvu ya kupinda mwanga hupimwa kwa dayopta. Jicho zima likitulia lina dayopta 60 hivi, na konea peke yake inatoa karibu 43. Lenzi hutoa kilichobaki.

Sababu ni kwamba mwanga hupinda pale unapovuka mpaka wa vitu viwili vinavyoupitisha kwa kasi tofauti. Kutoka hewani kuingia kwenye konea tofauti ni kubwa. Lenzi imezungukwa na majimaji mbele na nyuma, kwa hiyo mwanga unaoiingia hauoni mabadiliko makubwa.

Unaweza kuthibitisha hilo kwa beseni la maji safi. Zamisha uso na ufungue macho, utaona ukungu mtupu. Jicho lako halijaharibika. Maji yamegusa konea, na kwa kuwa maji na konea hupitisha mwanga kwa kasi zinazokaribiana, zile dayopta 43 zimetoweka karibu zote. Vaa miwani ya kuogelea inayoacha hewa mbele ya jicho na uoni utarudi papo hapo.

Mwaka 1801 Thomas Young, daktari na mwanafizikia wa Uingereza, alitumia maarifa hayo hayo kujua ni kiungo gani hubadilisha fokasi tunapotazama karibu na mbali. Aliweka jichoni kifaa kidogo kilichojaa maji chenye lenzi mbele yake, ili konea isiwe na kazi. Bado aliweza kubadilisha fokasi. Basi haikuwa konea inayobadilika, bali lenzi.

Kwa nini kovu dogo kwenye konea linaharibu uoni kiasi hicho?

Konea haina mishipa ya damu, na nyuzi zake zimepangwa kwa mpangilio sawa sawa kiasi kwamba mwanga hupita bila kutawanyika. Kovu ni nyuzi zilizojipanga ovyo. Mwanga ukilifikia hutawanyika kama taa ya pikipiki kwenye kioo chenye vumbi.

Wenyeji wa Kongwa na wilaya jirani wanalijua hili kwa uchungu, maana trakoma, ambayo wazee huiita vikope, imekuwa huko kwa vizazi. Maambukizi yakirudiarudia utotoni huacha makovu ndani ya kope. Miaka mingi baadaye ukingo wa kope hujikunja, nywele zake zikaelekea ndani, na kila kupepesa kunakwaruza konea. Wakina mama wengi huzing'oa nywele hizo kwa kibanio, lakini zinaota tena, na mara nyingine zikiwa fupi na ngumu zaidi. Upasuaji mdogo wa kope hugeuza ukingo utazame nje, na unafaa kufanywa kabla konea haijapata kovu, kwa sababu hauwezi kulifuta lililokwisha kuwapo.

Lenzi inabadilishaje umbo, na kwa nini baada ya miaka arobaini mkono unakuwa mfupi kwa kusoma?

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi hulikosea kwenye mtihani kila mwaka. Lenzi imeninginizwa na nyuzi nyembamba zilizofungwa kwenye pete ya misuli. Ukitazama mbali, misuli imelegea, pete ni pana, nyuzi zimevutika, nazo zinaivuta lenzi ikawa bapa. Ukitazama karibu, misuli inakaza, pete inapungua upana, nyuzi zinalegea, na lenzi inajirudia yenyewe kuwa nene. Yaani misuli hukaza ili nyuzi zilegee. Lenzi inanenepa kwa unyumbufu wake, hakuna kinachoifinya.

Kwa hiyo lenzi ikipoteza unyumbufu, misuli inaweza kukaza kadiri itakavyo bila lenzi kujirudia. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuongeza dayopta zaidi ya 10 na kusoma kitabu kilichokaribia pua. Mtu wa miaka sitini amebakiwa na moja hivi.

Chukua mfano wa mama fundi cherehani wa miaka 54. Anaona mbali vizuri, lakini kutunga uzi kumemshinda, na ujumbe wa simu anausoma kwa kunyoosha mkono hadi sentimita 60. Hesabu ni kugawa 1 kwa umbali wa mita. Kwa sentimita 60, ni 1 ÷ 0.6, karibu dayopta 1.67, na hiyo ndiyo nguvu yote ya karibu aliyobakiwa nayo. Anataka kufanya kazi kwa sentimita 40, ambayo ni 1 ÷ 0.4, yaani dayopta 2.5.

Ungetoa tu, ungepata 0.83 na kumpa miwani ya namba hiyo. Angeona, lakini baada ya dakika kumi kichwa kingeuma, kwa sababu angekuwa anatumia nguvu yake yote bila kupumzika. Desturi yetu ni kumwachia nusu ya nguvu yake kama akiba. Nusu ya 1.67 ni 0.83, kwa hiyo miwani inabidi ilete 2.5 kutoa 0.83, yaani 1.67. Miwani hutengenezwa kwa hatua za robo, basi namjaribishia +1.75 akiwa na sindano na uzi mkononi, kisha +1.50, na kumsikiliza.

Ndiyo maana sipendi kuona mtu akinunua mnadani miwani yenye namba kubwa kwa kudhani kubwa ni bora. Akivaa +3.00 itamlazimisha kuinamia kitambaa hadi sentimita 30 au karibu zaidi. Miwani haitamharibia macho, lakini itamharibia mgongo na kazi.

Je, ni kweli picha inaanguka kichwa chini?

Kweli, na unaweza kuiona nje ya jicho. Funga chumba chenye giza mchana, acha tundu moja dogo upande wenye jua, kisha tazama ukuta wa pili. Watu wanaopita nje wataonekana pale wakitembea miguu juu. Miale kutoka kichwani inashuka kupitia tundu na miale ya miguuni inapanda. Johannes Kepler alieleza mwaka 1604 kwamba jambo hilo hilo hutokea kwenye retina. Ubongo hauhitaji kuigeuza kama mtu anayegeuza picha ukutani. Umejifunza tangu utotoni kwamba ishara za sehemu ya chini ya retina zinahusu vitu vilivyo juu.

Retina ni nini, na ni kweli imewekwa nyuma mbele?

Retina ni utando mwembamba, chini ya nusu milimita kwa unene, uliotandazwa nyuma ya jicho. Una tabaka kadhaa za seli. Seli zinazopokea mwanga ziko tabaka la nyuma kabisa, na seli zinazopeleka habari ziko mbele yake, kwa hiyo mwanga hupita katikati ya waya kabla ya kufika kwenye vipokezi.

Mpangilio huo unaonekana wa ajabu mpaka ujue kilicho nyuma ya vipokezi. Pale kuna safu ya seli nyeusi zinazowalisha, kusafisha mabaki yao na, hili likumbuke, kuwatengenezea upya kemikali wanayoitumia kuonea. Vipokezi vimeegemea jikoni kwao.

Gharama ya mpangilio huu ni kwamba nyuzi za neva zikiwa mbele, lazima zipate mahali pa kutokea, na mahali hapo hapana vipokezi. Andika herufi X na nukta kwenye karatasi, nukta ikiwa kulia kwa sentimita 8. Funga jicho la kushoto, kodolea X kwa jicho la kulia, ukiwa umeishika karatasi umbali wa sentimita 30 hivi, kisha isogeze taratibu mbele na nyuma. Nukta itatoweka. Hapo imeangukia kwenye tundu la neva.

Mwanga unageukaje kuwa ishara ya umeme?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nitalijibu bila haraka.

Kila kipokezi cha mwanga wa usiku kina mamilioni ya molekuli za rodopsini. Rodopsini ni protini iliyobeba kipande kidogo cha vitamini A kinachoitwa retinali. Gizani, retinali imekunjika, kama mguu uliokunjwa gotini. Punje moja ya mwanga, yaani fotoni, ikiigonga, goti linanyooka. Hilo tu ndilo tendo linalofanywa na mwanga wenyewe. Yote yanayofuata ni kemia ya kawaida ambayo ingeweza kutokea gizani. George Wald, aliyefuatilia safari hii ya vitamini A ndani ya jicho, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 pamoja na Ragnar Granit na Haldan Hartline.

Retinali ikinyooka, protini iliyoibeba inabadilika umbo na kuanza kuwaamsha wajumbe wengi ndani ya seli, mmoja baada ya mwingine. Kila mjumbe anawasha kimeng'enya, na kimeng'enya hicho kinavunja kwa kasi kemikali iitwayo cGMP.

Sasa sikiliza kazi ya cGMP. Kwenye ngozi ya seli kuna milango midogo inayoingiza chembe za sodiamu na kalsiamu zenye chaji chanya. cGMP ndiyo inayoishikilia milango hiyo iwe wazi. Gizani cGMP ni nyingi, milango iko wazi, chaji inaingia muda wote, na ndani ya seli kuna karibu milivolti -40. Katika hali hiyo seli inamwaga kemikali ya mawasiliano, glutamati, bila kukoma. Mwanga ukija, cGMP inavunjwa, milango inafungwa, chaji chanya inakoma kuingia, na ndani ya seli kunakuwa hasi zaidi, kuelekea -70. Umwagaji wa glutamati unapungua.

Soma tena sentensi mbili za mwisho, kwa sababu ndizo zinazowashangaza hata walimu. Kipokezi cha jicho hupiga kelele gizani, na mwanga ndio unaokinyamazisha. Seli nyingine za hisia, kama za sikio, huamka zikiguswa. Hizi za jicho hukesha na kutulia zikiona mwanga.

Kama mwanga unainyamazisha seli, ubongo unajuaje kwamba kuna mwanga?

Kwa sababu ya seli za tabaka linalofuata. Baadhi yao huzuiliwa na glutamati. Ikipungua, zinafunguliwa na kutoa ishara ya "mwanga umewaka". Nyingine husisimuliwa na glutamati, hivyo hizo hunyamaza mwanga ukiwaka na kusema "mwanga umezimwa" giza likirudi. Tangu hatua hiyo ya kwanza habari za kuwaka na za kuzima husafiri kwa njia mbili tofauti, na ndiyo maana unasoma herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe kwa urahisi ule ule kama nyeupe kwenye ubao mweusi.

Tabaka la mwisho ndilo linalotoa ishara za mdundo zinazosafiri kwenye neva hadi ubongoni. Jicho moja lina vipokezi zaidi ya milioni 100, lakini nyuzi za neva ya jicho ni karibu milioni moja tu. Retina haipeleki kila kitu. Inalinganisha sehemu na jirani yake na kupeleka zaidi kingo na mabadiliko. Ukuta mweupe usio na doa unazalisha habari chache, mpaka mjusi apite.

Kwa nini rangi hupotea jioni, na nyota hafifu hukimbia nikiikodolea?

Tuna aina mbili za vipokezi. Koni, ambazo ni milioni sita hivi kwa kila jicho, zimesongamana katikati ya retina. Zinahitaji mwanga wa kutosha na ndizo zinazotofautisha rangi, kwa kuwa zipo za aina tatu na kila moja hupokea vizuri zaidi sehemu yake ya mwanga. Vijiti ni vingi mno kuliko koni, vina rodopsini ya aina moja, kwa hiyo havijui rangi, lakini kijiti kimoja kinaweza kuitikia fotoni moja. Ule mnyororo wa wajumbe niliouelezea ndio unaokuza tukio dogo kiasi hicho hadi mamia ya milango ifungwe.

Jua likizama nyuma ya vilima, koni zinaishiwa mwanga na vijiti vinashika zamu. Kitenge kinabaki na maua yake lakini bila rangi.

Kuhusu nyota, tazama Kilimia usiku usio na mwezi, nje ya mji. Ukikitazama moja kwa moja utaona nyota chache. Peleka macho kando kidogo na ghafla kundi linajaa. Katikati kabisa ya retina hapana vijiti, kwa hiyo ukikodolea nyota hafifu unaiweka mahali pasipo na kipokezi cha kuiona.

Turudi kwenye tembe: ni nini kinachotokea dakika kwa dakika?

Ulipokuwa shambani, mwanga mkali uliinyoosha retinali ya sehemu kubwa ya rodopsini yako. Retinali iliyonyooka haiwezi kujikunja palepale. Inang'oka kwenye protini, inatoka kwenye kipokezi, inaingia kwenye ile safu nyeusi ya nyuma niliyoiita jikoni, inakunjwa upya na kimeng'enya, kisha inarudishwa. Hadi irudi, kipokezi hakina cha kupokelea mwanga.

Unapoingia ndani, sekunde za kwanza mboni inatanuka. Koni zinajijenga upya haraka, na kwa dakika tano hadi kumi zinafikia mwisho wa uwezo wao. Kwa mwanga wa tembe hiyo inatosha kuuona uso wa mwenyeji na chungu kilichoko pembeni. Vijiti vinaendelea taratibu nyuma yao, na hufikia ukali wao kamili baada ya nusu saa au zaidi. Waliokuwa ndani tangu asubuhi walishamaliza safari hiyo, ndiyo maana walikuonyesha kigoda.

Mzee huchukua muda mrefu kuliko mjukuu wake, na mboni yake haitanuki sana. Akisimama mlangoni akisubiri, mwache asubiri.

Mtoto wangu anacheza vizuri mchana, lakini jioni anajikwaa na kukaa peke yake. Wengine wanasema amerogwa. Ni nini?

Mlete apimwe, na usingoje wiki. Dalili hiyo ni ya mtoto ambaye vijiti vyake havina retinali ya kutosha, kwa kuwa mwili umepungukiwa vitamini A. Koni zina akiba inayotosha kwa mwanga wa mchana, hivyo saa sita anakimbia na wenzake. Giza likiingia, zamu inahamia kwa vijiti, navyo havina kitu mkononi. Wazazi wengi husema, "Anakuwa kama kuku jioni," na kwa kweli hawajakosea, maana kuku naye haoni vizuri gizani.

Mama mmoja alinieleza kwamba mwanawe wa miaka mitatu alikuwa akilia kila magharibi na kung'ang'ania kanga yake. Mtoto alikuwa ameugua surua mwezi mmoja kabla, na surua humaliza akiba ya vitamini A upesi. Jirani alikuwa ameshamshauri amtie jichoni maji ya majani. Nilishukuru sana kwamba hakuyatia. Kwenye weupe wa jicho, upande wa nje, niliona doa kavu lenye kitu kama povu la sabuni, na hiyo ni alama ya upungufu huohuo. Tulimpeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

Matibabu ni ya vidonge laini vya vitamini A kwa dozi kubwa, vinavyotolewa kituoni. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja mwenye dalili za macho hupewa uniti 200,000 siku ya kwanza, siku ya pili, na tena baada ya wiki mbili au zaidi. Wadogo hupewa pungufu. Uoni wa jioni mara nyingi hurudi ndani ya siku moja au mbili, na ni furaha kubwa kusikia mama akisema kwamba mtoto ametoka mwenyewe nje magharibi.

Sababu ya haraka ni konea. Vitamini A ndiyo inayoweka uso wake laini na wenye unyevu. Upungufu ukiendelea konea inakauka, inapata kidonda, na inaweza kuyeyuka kwa saa chache. Kijiti kisichokuwa na retinali kinaweza kujazwa tena. Konea iliyoyeyuka inabaki na kovu.

Mama mjamzito asiyeona jioni naye aje kliniki, ila asimeze mwenyewe vidonge hivyo vya dozi kubwa, kwa kuwa vinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mlenda unatosha?

Mlenda na majani mengine ya kijani yana kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mambo mawili hupunguza faida yake. Kwanza, kiini hicho huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mlenda uliopikwa kwa maji na magadi tu unaingia mwilini kwa kiasi kidogo. Ongeza karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta ya alizeti, ambayo mikoa ya Dodoma na Singida inayo tele. Pili, majani yaliyoanikwa juani hupoteza sehemu kubwa ya kiini hicho. Yaanike kivulini, penye upepo.

Maini, mayai, embe bivu, papai na viazi lishe vya rangi ya chungwa ni vyanzo vizuri. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, kwa kawaida Juni na Desemba, na akiba hiyo huwekwa kwenye ini.

Kila asiyeona usiku amepungukiwa vitamini A?

Hapana. Kijana anayeona mbali kwa ukungu mchana pia, anaweza kuhitaji miwani tu. Jicho likirefuka kwa milimita moja zaidi ya kawaida, picha huangukia mbele ya retina, na kasoro ni karibu dayopta 2.5. Usiku mboni ikitanuka ukungu unaongezeka. Mzee anaweza kuwa na mtoto wa jicho. Kuna pia ugonjwa wa kurithi ambao vijiti hufa kidogo kidogo. Huyo huanza kushindwa jioni akiwa kijana, kisha uwanja wake wa kuona unasinyaa kutoka pembeni, anagonga meza za kando huku akisoma herufi ndogo vizuri. Vitamini A haimrudishii vijiti vilivyokufa. Muulize kama kuna ndugu mwenye hali hiyo, na apimwe retina.

Naendesha gari usiku kati ya Dodoma na Manyoni. Taa kali za lori zikinipiga, nifanye nini?

Punguza mwendo mapema, kabla lori halijakufikia. Shusha macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara na ufuate mstari au nyasi, ili mwanga mkali uangukie pembeni ya retina na katikati kubaki na uwezo wake. Baada ya lori kupita, zihesabu sekunde. Kijana mwenye macho mazima huiona tena barabara kwa sekunde chache. Ukiona zinazidi kuongezeka kuliko mwaka jana, au kila taa ina duara la ukungu kuizunguka hata kioo cha gari kikiwa safi, njoo lenzi yako ikaguliwe.